Kifurushi cha udereva: hesabu dakika za usukani, si siku

Matangazo ya vyuo vya udereva jijini Dar es Salaam yanafanana sana. Yamebandikwa kwenye nguzo za umeme, yamechorwa ubavuni mwa magari ya kufundishia, yanazunguka kwenye magurupu ya WhatsApp. Utakuta jina la chuo, namba ya simu, gari dogo lenye alama ya L, kisha maneno machache: siku 10, wiki tatu, mwezi mmoja, manyuo na otomatiki, leseni tunakusaidia kufuatilia. Chini kabisa ipo bei, na mara nyingi pembeni yake ipo bei nyingine kubwa zaidi iliyopigwa mstari ili uone umepunguziwa.

Anayetafuta chuo huangalia bei na siku, maana ndivyo vitu alivyoonyeshwa. Lakini mafunzo ya udereva hayauzwi kwa siku. Kinachonunuliwa ni muda ambao wewe mwenyewe umeshika usukani, mguu wako uko kwenye klachi, na mwalimu aliye macho ameketi kushoto kwako. Muda huo ndio tangazo halikuambii, na ndio unaotofautisha chuo kimoja na kingine kuliko kitu kingine chochote.

Tuchukue vifurushi viwili vya mfano. Cha kwanza ni shilingi 150,000 kwa siku 10, saa moja kila siku. Cha pili ni shilingi 280,000 kwa vipindi 20 vya nusu saa, mwanafunzi mmoja kwenye gari. Ukiviweka sambamba, cha kwanza kinaonekana nafuu karibu nusu kwa nusu. Sasa nenda chuoni uulize swali moja: katika ile saa moja, garini tunakuwa wangapi? Wakikuambia mnakuwa wanne na mnapokezana, hesabu inageuka. Saa moja ikigawanywa kwa wanne, kila mmoja anaendesha dakika 15. Dakika 15 mara siku 10 ni dakika 150, yaani saa mbili na nusu. Umelipa shilingi 60,000 kwa kila saa ya usukani. Kile kifurushi cha pili, vipindi 20 vya nusu saa, ni saa 10 kamili, na kila saa imekugharimu shilingi 28,000. Kile kilichoonekana ghali ndicho nafuu, tena kwa zaidi ya nusu.

Simaanishi kwamba kukaa kiti cha nyuma ukimwangalia mwenzako ni kupoteza muda. Mtu hujifunza mengi akiona mwenzake anavyokosea kwenye kona, hasa siku za mwanzo. Tatizo ni pale muda wa kutazama unapouzwa kana kwamba ni muda wa kuendesha. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, omba uandikiwe kwenye risiti au fomu ya kujiunga: vipindi vingapi, kila kipindi dakika ngapi za usukani, wanafunzi wangapi kwa gari. Chuo kinachofundisha kweli hakitasita kuandika hayo, kwa sababu ndiyo ratiba yake ya kila siku.

Na saa ngapi zinatosha? Uingereza, mamlaka inayosimamia majaribio ya udereva hueleza kuwa kwa wastani mtu huhitaji saa 45 za mwalimu na nyingine 22 za mazoezi ya binafsi kabla hajafaulu. Huku kwetu hakuna chuo cha mtaani kitakachokuuzia saa 45, na wachache wetu wangeweza kuzilipia. Lakini ukiliweka hilo akilini utaelewa kwa nini mtu aliyeendesha saa mbili na nusu, hata akipewa cheti kizuri chenye muhuri, bado hajawa dereva. Kwa maoni yangu, saa 10 za usukani ndicho kiwango cha chini cha kuanzia mazungumzo na chuo chochote, na anayeogopa barabara aongeze.

Bei ya chuo si bei ya leseni

Jambo la pili lililofichika ni gharama za serikali. Watu wengi hulipa kifurushi wakidhani kila kitu kimo, kisha hushangaa wanapotumiwa kontrol namba za kulipia. Kwa Tanzania Bara, ada zenyewe si siri. Leseni ya muda, ile ambayo wengi huiita leseni ya lena, ni shilingi 10,000. Ada ya jaribio la udereva ni shilingi 3,000. Leseni yenyewe ni shilingi 70,000, nayo hudumu miaka 5. Kabla ya mabadiliko ya mwaka 2019 ilikuwa shilingi 40,000 kwa miaka 3. Ukijumlisha hizo tatu unapata shilingi 83,000, na hapo hujalipa kupimwa macho wala nauli za kwenda na kurudi. Ada hizi hupangwa na sheria na bajeti mpya inaweza kuzigusa kila Julai, kwa hiyo zihakikishe kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, mwezi unaojiandikisha.

Ni muhimu kujua kwamba fedha hizi huenda serikalini kwa kontrol namba yenye jina lako. Haziingii kwenye simu ya mwalimu. Chuo kinaweza kukusaidia kujaza maombi, na wengi hufanya hivyo kwa wema kabisa, lakini malipo yafanye mwenyewe na utunze ujumbe wa malipo. Chuo kikikuambia kifurushi chake cha shilingi 350,000 kina kila kitu ndani, mwombe akutenganishie: mafunzo kiasi gani, ada za serikali kiasi gani. Ukitoa zile 83,000, utaona mafunzo yenyewe unayauziwa kwa 267,000, na hapo ndipo unaweza kurudi kwenye hesabu ya dakika.

Vipo pia vifurushi ambavyo mtu mwenye akili zake havigusi. Ni vile vinavyoahidi cheti na leseni bila wewe kuonekana darasani wala barabarani. Havitangazwi ukutani, hunong'onezwa. Anayevinunua hupata karatasi iliyotolewa kwa uongo, na siku akipata ajali huwa na kesi mbili, ya ajali na ya cheti. Lakini kubwa zaidi ni kwamba huyo mtu anaingia Barabara ya Mandela saa kumi na mbili jioni, katikati ya malori na bodaboda, hajui hata namna ya kusimamisha gari mlimani.

Siku ya kwanza gari haliondoki

Mwanafunzi mpya hufika na hamu ya kukanyaga mafuta. Mwalimu mzuri humrudisha nyuma. Kipindi cha kwanza hutumika gari likiwa limesimama, na kazi yake kubwa ni mwili: kiti kisogezwe mpaka mguu wa kushoto uweze kuizamisha klachi hadi chini huku goti likiwa limekunjika kidogo, kioo cha ndani kionyeshe dirisha lote la nyuma, vioo vya pembeni vionyeshe ubavu wa gari kidogo tu na barabara iliyobaki, mkanda ufungwe, gia iwe nyutro na hendibreki iwe juu. Ndipo gari linawashwa. Anayeruka hatua hizi utamtambua kwenye kona ya kwanza, kwa sababu hukaa ukingoni mwa kiti na kuvuta usukani kwa mabega.

Pamoja na hayo hufundishwa kukagua gari kabla ya safari: oili, maji ya rejeta, upepo wa matairi, taa, indiketa na wipa. Hapo vyuo hutofautiana. Vingine hufungua boneti mara moja tu, vingine humfanya mwanafunzi afungue kila siku mpaka mkono uzoee. Hao wa pili ndio wanaokupa thamani ya fedha yako.

Darasani kuna sheria na alama. Msingi ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na alama zenyewe hueleweka upesi ukijua maumbo yake. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya kuna hatari mbele. Duara hutoa amri au katazo. Alama ya simama ina pembe nane ili hata ikichafuka au ukiiona kwa nyuma uijue kwa umbo, na ile pembetatu iliyogeuzwa juu chini inakutaka utoe nafasi kwa wenzako. Kwenye kipilefti, aliye kulia kwako ana haki ya kupita kwanza. Mstari mzima katikati ya barabara unakukataza kuupita. Katika maeneo ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Kwa Dar es Salaam, mwalimu atakuongezea njia za mwendokasi: zile za katikati ya Barabara ya Morogoro ni za mabasi yaendayo haraka, na gari lako dogo halina ruhusa humo hata foleni ikiwa imefika wapi.

Ile kilomita 50 kwa saa inastahili maelezo, maana wanafunzi wengi huikariri bila kujua ina maana gani. Gari linalokwenda mwendo huo hupita karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akikatiza ghafla, utachukua takriban sekunde moja kumwona, kuamua, na kuhamisha mguu kwenda kwenye breki. Gari limeshakwenda mita 14 kabla breki haijashika. Kwenye lami kavu na matairi mazuri litahitaji mita nyingine kama 14 kusimama. Jumla ni mita 28, urefu wa zaidi ya mabasi mawili makubwa. Mvua ikiwa imenyesha, umbali wa breki huongezeka sana. Ndiyo sababu mwalimu anakusihi uache sekunde mbili kati yako na gari lililo mbele: chagua nguzo, gari la mbele likiipita anza kuhesabu, na wewe usiifikie kabla ya sekunde mbili kuisha.

Klachi, na mlima usio mrefu

Kwa gari la manyuo, wiki nzima ya kwanza ni klachi. Hapa ndipo wanaoacha mafunzo huachia, na ndipo inafaa kujua kinachotokea chini ya mguu wako.

Injini inazunguka wakati wote ikiwa imewashwa. Magurudumu yamesimama. Klachi ni sahani inayoviunganisha viwili hivyo: ukiikanyaga vinaachana, ukiiachia vinashikana. Ukiiachia ghafla, injini inayozunguka polepole inabebeshwa uzito wa gari zima kwa mpigo mmoja, inashindwa, gari linaruka kidogo na kuzima. Ukiiachia taratibu, kuna mahali katikati ambapo sahani zinaanza kugusana. Utapajua kwa ishara tatu: sauti ya injini inashuka, gari linatetemeka kidogo, na pua ya gari inainuka kama inataka kwenda. Hapo unatuliza mguu, husongi wala huachii, mpaka gari lianze kusogea lenyewe. Kisha ndipo unaachia sehemu iliyobaki.

Kwenye uwanja wa vumbi huko Mbagala nilimsikiliza mwalimu mmoja mtu mzima akimfundisha mama aliyeajiriwa ofisini, ambaye alikuwa amezimisha gari mara kadhaa mfululizo na kila mara alikuwa anaomba radhi.

"Usiniombe radhi, mama. Liwashe tena. Safari hii usitumie macho, tumia masikio. Sauti ikishuka, mguu usimame."

"Nikisimamisha mguu, mwalimu, si litazima?"

"Litazima ukiuondoa. Ukiusimamisha litakwenda."

Likaenda. Na alilosema lina uzito, kwa sababu mwanafunzi anayetazama miguu yake hawezi kutazama barabara, ilhali sauti ya injini inamfikia akiwa anaangalia mbele.

Baada ya uwanja huja mlima, na hapa Dar es Salaam ina shida yake: sehemu kubwa ya jiji ni tambarare. Mwanafunzi wa Mwanza au Mbeya hukutana na mwinuko akitoka tu chuoni, lakini wa Kinondoni anaweza kumaliza kozi nzima bila kuanzisha gari mlimani hata mara moja. Uliza chuo mapema watakupeleka wapi kufanya zoezi hilo. Mteremko wa kuingilia daraja la juu hautumiki kufundishia kusimama na kuondoka, maana utawazuia wenzako. Chuo chenye mpango hujua kichochoro chenye mwinuko ambacho magari ni machache.

Zoezi lenyewe huenda hivi. Gari limesimama mlimani, hendibreki imevutwa. Klachi inazamishwa hadi chini, gia ya kwanza inaingia. Unaongeza mafuta kidogo, kiasi cha injini kunguruma juu ya sauti yake ya kawaida, na unayashikilia hapo hapo. Sasa unaiachia klachi mpaka usikie ile sauti imeshuka na uone boneti imejiinua. Unatuliza mguu. Unatazama kioo cha kulia. Ndipo unashusha hendibreki. Kama uliipata ile sehemu ya kushikana, gari halirudi nyuma hata kidogo; linasimama, kisha linapanda unapoongeza mafuta.

Likirudi nyuma, umeshusha hendibreki kabla klachi haijashika. Likizima, umeiachia klachi kupita kiasi au mafuta hayakutosha. Ukisikia harufu kali ya kitu kinachoungua, umeing'ang'aniza klachi nusu kwa muda mrefu huku umekanyaga mafuta, na sahani inajisaga. Hilo la tatu ndilo linalokula magari ya kufundishia, na pia ndilo linalokula magari ya watu wanaozoea kusimama kwenye foleni ya mlimani kwa kushikilia klachi badala ya kuvuta hendibreki. Mwalimu anayekueleza sababu ya kila kosa anakufundisha. Anayekuambia tu rudia, rudia, anakungojea ubahatishe.

Ukishajua kupanda, omba ufundishwe kushuka, hata kama kifurushi hakikutaja. Siku moja utaendesha kutoka Iringa na utashuka Mlima Kitonga. Breki ikikanyagwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata joto, na ikipata joto kupita kiasi hupungua nguvu hata ukisimama juu yake. Dawa yake ni kushusha gia kabla mteremko haujaanza ili injini yenyewe ilizuie gari, kisha breki ikanyagwe kwa vipindi na kuachiwa ipoe. Kwenye gari la otomatiki kuna sehemu ya gia iliyoandikwa L au 2 kwa kazi hiyo hiyo, na kuna watu wenye leseni miaka mingi ambao hawajawahi kuigusa.

Otomatiki au manyuo

Magari mengi madogo yanayoingia nchini sasa ni ya otomatiki, hivyo vijana wengi huuliza kwa nini wahangaike na klachi. Kama gari utakaloendesha ni lako na ni otomatiki, kifurushi cha otomatiki kitakufikisha haraka na utatumia muda uliookoa kujifunza barabara yenyewe, jambo ambalo ni faida kubwa. Ukitarajia kazi ya udereva, jifunze manyuo. Pikapu za ofisi, malori na mabasi mengi bado ni ya klachi, na mwajiri atakujaribu kwa gari lake. Kenya wamelitenganisha hili hadi kwenye leseni: daraja B1 ni kwa magari mepesi ya otomatiki, na B2 ni kwa mepesi ya manyuo, ingawa mwenye B2 anaendesha otomatiki pia.

Madaraja ya Tanzania yanafuata kazi ya gari. Wanaojiunga na vyuo vya mtaani wengi wao hutafuta daraja B, la magari ya binafsi yasiyobeba abiria wa kulipa, wala mizigo ya biashara, wala uzito mkubwa. Daraja D linahusu magari ya biashara ambayo si ya abiria wala si mazito. Daraja C na vijigawanyo vyake C1, C2 na C3 ni la kubeba abiria, kufuatana na idadi ya viti, na halipatikani kwa mkupuo: kwa basi la abiria 30 au zaidi unatakiwa uwe umeshaendesha kwa miaka 3 katika daraja la chini yake. Tangazo linaloahidi kumtoa mtu asiyejua lolote hadi leseni ya basi kwa mwezi mmoja linasema uongo. Wanaotaka njia hiyo huendelea baadaye kwenye mafunzo ya juu, kama yale ya Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, au kwenye vyuo vya VETA mikoani.

Kujiunga, hatua kwa hatua

Umri wa kuendesha gari ni miaka 18 kwenda juu. Anza na namba ya NIDA, kwa sababu bila hiyo utakwama kupata namba ya mlipakodi, TIN, na bila TIN mfumo wa leseni haukufahamu. TIN ya leseni haimaanishi una biashara. Mwelezee ofisa wa TRA kwamba ni kwa ajili ya leseni ili usije ukakadiriwa kodi. Hatua hii ifanye kabla ya kulipa chuo, maana jina lililokosewa kwenye NIDA linaweza kukuchelewesha wiki kadhaa huku siku za kifurushi chako zinakwisha.

Kisha tembelea chuo, usijiandikishe kwa simu. Omba kuona usajili wake, ambao hutolewa kupitia Jeshi la Polisi, na kwa kawaida utaukuta umetundikwa ofisini. Halafu toka nje ulione gari. Chini ya miguu ya mwalimu, upande wa kushoto, panatakiwa pawe na breki ya pili, na magari mengine yana klachi ya pili pia. Ukikuta hakuna, ondoka. Ukikosea mwalimu hana la kufanya zaidi ya kupiga kelele. Tazama kama alama ya L ipo mbele na nyuma, na kama bima ya gari haijaisha muda. Ukiweza, simama dakika tano uone wanafunzi wanavyoshuka garini na umuulize mmoja leo ameendesha muda gani. Jibu lake litakuambia zaidi ya brosha.

Ukishalipa sehemu ya kwanza ya ada, na vyuo vingi hukubali awamu mbili, dai risiti ya EFD. Ndipo unapimwa macho na kuomba leseni ya muda. Usikubali kupelekwa barabarani kabla leseni hiyo haijatoka, hata kama mwalimu anasema trafiki wanamfahamu. Ukitaka mazoezi ya ziada nje ya chuo, kwa gari la kaka au la mume, sharti leseni ya muda uwe nayo mfukoni, alama za L ziwe zimebandikwa, na anayeketi pembeni yako awe na leseni ya daraja hilo.

Panga vipindi mapema asubuhi kwa wiki ya kwanza, kabla daladala hazijajaa, kisha uhamie jioni wiki ya mwisho. Hili wengi hawalifikirii. Mwanafunzi aliyefanya vipindi vyote saa mbili asubuhi ya Jumapili hajui bodaboda inavyopenya kushoto kwako pale unapotaka kukunja kushoto, wala hajui kukadiria mwendo wa gari kwa taa zake tu. Kipindi kimoja cha usiku na kimoja cha mvua, vikipatikana, vina thamani kuliko vipindi vitano vya uwanjani.

Mafunzo yakiisha chuo hutoa cheti, nacho si leseni. Unakwenda nacho kwa askari wa usalama barabarani kwa jaribio. Utaulizwa alama na sheria, utaombwa kurudisha gari nyuma baina ya vigingi bila kuvigusa, na kuendesha barabarani askari akiwa pembeni. Makosa yanayoangusha watu yanajulikana: kuondoka bila kutazama kioo, kusahau indiketa, kukanyaga mstari wa kusimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, na kuliachia gari lirudi nyuma mlimani. Ukifaulu unapewa cheti cha umahiri, unalipia leseni, unapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole TRA.

Lipo swali moja la mwisho la kuuliza chuo kabla hujasaini fomu: siku ya jaribio, je, gari lenu ninalolizoea litakuwepo, na nikifeli mnanipa vipindi vingapi vya kurekebisha kabla ya kurudia? Klachi ya kila gari hushikia mahali pake, na mtu anayejaribiwa kwa gari geni atazima hata kama anajua. Vyuo vingine hulitoa gari bure, vingine hulitoza kama kipindi cha ziada. Bei hiyo nayo iandikwe kwenye fomu, pembeni ya dakika zako.